Maelezo ya Masaa Matano

Siku mteja wa kwanza alipobuku kupitia mtandao, nilipiga kelele peke yangu ndani ya saluni mpaka mwenye duka la dawa za mifugo, aliye chini yetu, akapanda ngazi kuuliza kama kuna moto. Nikamwonyesha simu. Akaangalia, akaniangalia, akashuka. Mtu wa kuuza dawa ya kupe hawezi kujua raha ya kuona mtu usiyemjua, aliyekaa huko kwake, amechagua siku na saa na kuandika jina lake bila kukupigia simu hata mara moja.

Saluni yangu iko Ruiru, ghorofa ya kwanza, viti viwili na sinki moja. Kiti kimoja ni changu. Naosha, nakausha, natia dawa. Kile kingine ni cha msusi wangu, mama mmoja wa mtaa wa Landless, kule Thika, aliyenizidi umri kidogo. Sitaki kuficha: saluni ni mikono yake. Wateja hupanda ngazi wakimuulizia yeye, na mimi huwaambia "karibu" huku nikijua si mimi waliyemjia. Akisuka mistari, inalala kichwani kama iliota hapo. Nilipomwajiri nilimwambia mama yangu kwa simu kwamba sasa nimepata saluni, ingawa viti nilikuwa navyo tangu awali.

Basi nikafungua ule ukurasa wa kubuku mtandaoni ili mikono hiyo isikae bure. Unaandika jina la huduma, unaandika muda wake, unaandika maelezo mafupi chini yake, na mashine inapanga nafasi yenyewe. Maelezo niliyaandika kwa furaha ya bibi harusi. Chini ya nywele za kusuka bila mafundo, ambazo kila mtu huku huziita "knotless", niliweka: "Kwa malkia kama wewe! Njoo ung'are!" Chini ya kuosha na kukausha: "Jipe raha, unastahili!" Niliyasoma mara nyingi nikitabasamu. Muda nilikuwa nimeweka sawa kabisa, masaa matano kwa zile za kusuka na lisaa limoja kwa kuosha. Nikaona kazi imeisha.

Ilikuwa ndiyo inaanza. Wateja walibuku kwa wingi, ajabu wote walibuku lisaa limoja. Wakifika, mkoba unafunguliwa, na ndani mna pakiti za nywele za kusukia.

"Lakini umebuku kuosha," nasema.

"Eeh, nilibuku tu nipate nafasi," mteja anasema, tayari ameketi. "Nilijua tutaongea nikifika."

Hiyo "tutaongea nikifika" ndiyo ugonjwa wetu huku. Mtu wa kwetu akiona bei, ni mwanzo wa mazungumzo. Akiona saa, ni mwanzo wa mazungumzo. Hata zahanati ikiandikwa mlangoni imefungwa, atagonga, kwa sababu ndani kuna mtu na mtu huongeleshwa. Mimi mwenyewe niko hivyo, kwa hivyo nilikuwa nalainika. Msusi wangu naye hajui kumkataa mtu aliyekwisha kuketi. Anavuta pumzi, anachukua kitana.

Jumamosi moja ya Novemba akaja dada mmoja saa kumi jioni. Amebuku lisaa limoja la kuosha. Kichwani ana mistari ya zamani ambayo hajafumua, mkobani ana pakiti za mpya, na kesho yake anaenda ruracio ya kakake, ile sherehe ya kupeleka mahari. Akatuambia hayo yote akicheka, kwa uchangamfu mwingi, kama mtu anayeleta keki. Msusi wangu akaniangalia. Mimi nikaangalia dirishani. Tukafumua sote wawili, nikaosha, akasuka, na giza likaingia tukiwa bado upande mmoja.

Jumatatu alifika mapema kuliko kawaida na hakuvaa aproni.

"Madam, kuna kitu nataka kukuambia, na usikasirike," akasema. Anajua hasira zangu. Ziko karibu, ingawa haziendi mbali.

Akaniambia. Binti yake mdogo huachwa kwa jirani, na jirani hufanya kazi ya usiku kwenye kiwanda kimoja pale Thika. Siku ile jirani alingoja, akangoja, mwisho akaenda kazini na mtoto mkononi. Msusi wangu alimkuta mwanawe ameketi kwa askari wa geti la kiwanda, amefunikwa na koti la askari, anakula mandazi.

"Askari ni mzuri," akasema. "Lakini mtoto wangu si wa kuchukuliwa getini. Kuna kiti nimepewa kwenye saluni moja ya Kamenu, hapo hapo Thika. Natembea tu na miguu kutoka kwangu. Nimalize mwezi huu, halafu niende."

"Kule wanakulipa zaidi?"

"Wapi! Lakini kule hakuna page. Mtu anaingia na mlango, namwona kichwa, namwambia leo ama kesho. Hii page yako inanimaliza, madam. Inaniletea watu wameshapewa saa yangu."

Nilitaka kumwambia nitaufuta ukurasa siku hiyo hiyo, na ningeufuta, wallahi, lakini nilijua kabla ya ukurasa tulikuwa tunakaa siku nzima tukihesabu pikipiki barabarani. Bila wateja ataondoka, na wateja wakija hivi ataondoka. Nikamwomba Jumamosi moja tu. Nikamwambia nitautengeneza ule ukurasa mpaka amalize saa kumi na moja, tunapofunga, na kama sivyo nitambebea mwenyewe kitana chake hadi Kamenu.

"Jumamosi moja," akasema. Akavaa aproni.

Nilianza kwa hasira, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo karibu. Mchana ule ule, kati ya mteja na mteja, nikafuta mambo ya malkia na kung'ara, nikaandika kwa herufi kubwa zote: "USIBUKU LISAA LIMOJA UKITAKA KUSUKWA. UTARUDISHWA NYUMBANI." Nikaongeza alama za mshangao. Nilijisikia vizuri sana kwa muda wa chai moja. Halafu nikawaza, hebu mtu asome. Saluni huwa hatufungui Jumanne asubuhi, nikaenda Kamenu kwa tata, dada ya mama yangu, ambaye hana noma ya kukwambia ukweli na hana haraka.

Nilimkuta barazani akitoa maharagwe kwenye maganda. Nikampa simu.

"Tata, jifanye unataka kusukwa Jumamosi."

Akafuta mikono kwenye leso, akaishika simu mbali na uso. Akasoma. Nyusi zikapanda.

"Haiya! Huyu ni nani ananipigia kelele?"

"Ni mimi."

"Kwani nimekosea wapi na sijafika?"

"Endelea tu, tata. Buku."

Akafungua nywele za kusuka. Akachagua Jumamosi. Akasukuma skrini juu, akasukuma chini. "Hii haina jioni," akasema. "Mimi Jumamosi asubuhi nina soko." Akarudi nyuma, akafungua kuosha na kukausha, akatabasamu. "Hii hapa iko na saa kumi." Na kabla sijasema neno, akabonyeza.

"Tata! Hiyo ni ya kuosha! Si umesoma hapo juu, kwa herufi kubwa?"

"Nimesoma. Lakini huko kwa kusuka wamejaza jioni yote, na huku iko. Nikifika nitaongea na huyo msichana. Si ni mtu?"

Niliruka kutoka kwenye kiti, maharagwe yakamwagika. Nilitaka kumbusu. Miezi yote ile nilidhani wateja wangu ni wakaidi, na kumbe hakuna mkaidi hata mmoja. Mashine haionyeshi saa ambayo kazi haiwezi kuisha kabla ya kufunga. Kazi ya masaa matano, na sisi tunafunga saa kumi na moja, haiwezi kuanza baada ya saa sita mchana. Kwa hivyo jioni yake haionekani kabisa. Mimi nilijua hivyo kwa sababu niliipanga. Mteja alichoona ni jioni iliyopotea. Akadhani imechukuliwa na wengine, akatafuta mlango mwingine, na mlango wa lisaa limoja ulikuwa wazi hadi saa kumi. Angefanya nini? Ningefanya hivyo hivyo.

"Tata, haijajaa," nikamwambia. "Haiwezi kuisha. Ukianza saa kumi utatoka saa tatu usiku."

"Sasa hiyo si mngeandika?"

Hiyo si mngeandika! Nilikuwa nimeandika sifa, halafu nikaandika vitisho, na lile jambo moja ambalo mtu angelisema mlangoni kwa sauti ya kawaida sikuliandika popote.

"Na hii lisaa limoja na masaa matano," tata akaendelea, akiokota maharagwe yake, "mimi naona ni kama kuchagua chai ndogo na kubwa. Mimi ni mtu wa ndogo. Nataka kumaliza haraka."

"Si wewe unachagua, tata. Ni nywele zinachagua."

"Basi niulize nywele zangu. Mbona unaniuliza mimi?"

Nilimkumbatia na mikono yake ikiwa na maganda. Akaniambia, "Wewe kairitu, msichana wewe, umechanganyikiwa, kaa chini unywe uji." Nikanywa uji kwenye baraza ile nikiandika kwa kidole kimoja. Sijawahi kuandika kitu kwa raha namna ile. Shuleni insha zilikuwa adhabu kwangu. Sasa kila sentensi nilikuwa namwona mtu anayeisoma: dada amesimama jikoni, anageuza chapati, simu mkono mwingine. Huyo ndiye nilimwandikia.

Kwanza nilibadilisha majina. Huduma haikuitwa tena kwa jina la mtindo peke yake. Iliitwa kwa kile ulicho nacho kichwani unapotoka nyumbani. "Kusuka knotless, nywele zimefumuliwa na kuoshwa." Halafu nyingine, ambayo haikuwepo kabisa: "Kufumua, kuosha na kusuka knotless." Hiyo nikaipa masaa saba, kwa sababu ndiyo ukweli, na hakuna aliyewahi kuuandika. Tata akasema ni mengi. Nikamwambia ni mengi, ndiyo maana mama wa watu alienda kuchukua mtoto getini.

Pili ni maelezo. Niligundua kwamba kwenye simu mistari miwili tu ya juu ndiyo inaonekana. Mingine imejificha mpaka mtu abonyeze. Tata hakubonyeza. Hakuna anayebonyeza. Kwa hivyo jambo la maana lilitakiwa kukaa mbele kabisa, kabla ya karibu, kabla ya kila kitu. Kwenye ile ya kusuka nikaandika: "Inachukua masaa matano, kwa hivyo mwisho wa kuanza ni saa sita mchana. Ukikosa jioni, haijajaa. Haiwezi kuisha kabla hatujafunga." Kwenye ile ndefu nikaandika kwamba inaanza saa mbili asubuhi hadi saa nne, na kwamba ukifumua nyumbani unaweza kuchagua ile fupi zaidi.

Na kwenye lile lisaa limoja, mlango wa kila mtu, niliandika, nikafuta, nikaandika tena. Mwisho ikawa: "Hii ni ya kuosha na kukausha tu, nywele zikiwa hazina mistari. Lisaa hili halina kusuka ndani yake. Kama unataka kusukwa, nenda kwa 'Kusuka' uone siku iliyo na nafasi, tutakungoja."

"Hapo kwa tutakungoja ni pazuri," tata akasema. "Hapo nimejisikia nimekaribishwa."

Unene wa mistari pia ulitusumbua. Mimi nilikuwa nimeandika "wastani". Tata akauliza wastani ni gani. Nikasema ni wa kawaida. Akauliza wa kawaida ni gani. Tukabishana, nikapandisha sauti, akapandisha yake, na jirani akachungulia juu ya ua. Mwishowe tukakubaliana kwamba mstari wa masaa matano una unene wa penseli ya shule na unafika mgongoni. Mwembamba kuliko penseli, au wa kufika kiunoni, utuulize kwanza. Nikaweka na swali ambalo ukurasa haukuruhusu kuliruka: "Kichwani una nini sasa hivi?"

Nikafuta ile nafasi yake ya Jumamosi, nikampa simu tena. "Tata, buku upya."

Akasoma kimya. Midomo ilikuwa inasogea. Akashika kichwa chake juu ya kitambaa, akapapasa mistari yake ya zamani. "Mimi niko na hizi bado," akajisemea. Akafungua ile ndefu, akatafuta siku ambayo hana soko, akachagua Jumatano saa mbili asubuhi. Pale kwa swali akaandika, "Nina mistari ya mwezi wa nane, usicheke."

Nilipiga kelele, na jirani akachungulia tena.

Kuanzia siku hiyo simu ikawa mpenzi wangu. Kila ikilia nakimbia. Mtu amebuku: amechagua nini? Na moyo unapiga. Wa kwanza akachagua sawa. Wa pili akachagua sawa, na pale kwa swali akaandika, "Afro, imeoshwa, imekauka, iko tayari kwa vita." Nilimsomea msusi wangu kila jibu huku akisuka. Yeye alikuwa anaguna tu. Hakusema kitu kuhusu Kamenu na mimi sikuuliza, niliogopa jibu.

Jumamosi ikafika. Asubuhi alikuja mteja wa masaa matano, nywele zimefumuliwa, zimenyooshwa, akaketi saa mbili kama alivyoandika. Saa saba akasimama akijigeuza kwenye kioo. Tukala chakula tumekaa, jambo ambalo hatukuwa tumelifanya Jumamosi kwa muda mrefu. Msusi wangu akaangalia githeri yake kana kwamba haamini iko moto. Mchana wakaja wa mistari ya haraka, ile ya nywele zao wenyewe bila za kuongezea, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyepanda ngazi alikuwa ndiye yule niliyemtarajia, na kichwa kile alichosema.

Alibaki mteja wa saa kumi. Lisaa limoja, kuosha na kukausha.

Nikasikia viatu kwenye ngazi. Mlango ukafunguliwa, akaingia dada mmoja mnene, mchangamfu, na kwapani amebana mfuko wa karatasi. Mdomo wa mfuko ulikuwa wazi, na ndani mna pakiti za nywele za kusukia, nyingi, rangi ya kahawia.

Msusi wangu alikuwa anafagia. Ufagio ukasimama. Hakunitazama, aliutazama ule mfuko, halafu akaanza kuvua saa yake ya mkononi polepole, kama anavyofanya akitaka kusuka. Damu ilinipanda. Nilifungua mdomo, na sijui ningesema nini, lakini hakingekuwa kitu cha kuandikwa.

"Sasa, madam," dada akasema. "Mimi ni wa kuosha."

"Na hizo?" nikauliza.

"Hizi ni za Jumanne! Si nimebuku Jumanne mchana, hapo saa sita? Nimeona nizilete mapema nisije nikazisahau." Akaketi kwa sinki. "Nilitaka kusukwa leo, nikaona mmesema jioni haiwezi kuisha. Nikasema ni kweli, na mimi sitaki kutembea Ruiru usiku na kichwa nusu."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Dada yule akacheka pia bila kujua anacheka nini. Nilimwosha kichwa kwa upendo ambao hakuna mteja amewahi kuoshwa nao, nikamsugua mpaka akaniuliza kama nimeokoka. Nilipogeuka, msusi wangu alikuwa amerudisha saa yake mkononi na anaendelea kufagia, na midomo ameibana, lakini mashavu yalikuwa yanamsaliti.

Saa kumi na moja mteja akaondoka, kichwa kimekauka vizuri. Nje jua bado lilikuwa kwenye mabati. Msusi wangu akavua aproni, akaikunja, akachukua mkoba. Nilisimama katikati ya saluni kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Sikutaka kumwomba tena. Akafika mlangoni. Akarudi.

"Leta hiyo simu," akasema.

Nikampa. Akaangalia ukurasa, akanirudishia. "Mimi kidole changu ni kizito. Andika wewe, nikuambie. Kuna huduma imekosekana. Watoto."

"Watoto wa kusuka?"

"Wa shule. Mama anabuku kama yeye mwenyewe, halafu analeta mtoto wa miaka sita, na mtoto hakai. Weka masaa mawili. Na uweke ianze wakati shule zinafunguliwa, wiki ile ya kwanza, si wanakujanga wote."

Kidole changu kilisimama juu ya kalenda. Shule zilikuwa zimefungwa; zingefunguliwa Januari. Mwezi wake wa kumaliza ulikuwa huu.

"Januari?" nikamuuliza.

"Ama page yako haifiki Januari?" akasema. "Andika, madam, nina mtoto wa kuchukua."

Nikachagua Januari. Macho yalikuwa yamejaa na herufi zilikuwa zinaogelea, lakini niliandika kila neno kama alivyolitamka, amesimama pale na mkoba begani, akiwaza kidogo kati ya sentensi na sentensi: "Mtoto ni masaa mawili. Kusuka ni lisaa na nusu. Ile nusu saa ingine ni ya kulia."